Bando limeisha Ilazo, lakini kidoti cha bluu bado kinajua ulipo

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nilitoka Bukoba kuja Dodoma kwenye usaili. Nilishuka Stendi Kuu jioni, nikachukua bajaji kwenda kwa binamu yangu Ilazo. Bajaji ikaniacha kwenye njia panda, na bando likaisha hapo hapo. Ramani ikawa kijivu tupu, imebaki na kidoti cha bluu katikati. Linki aliyonitumia binamu ikagoma kufunguka. Nikazima na lokesheni ili isinimalizie salio, maana naambiwa GPS inakula bando sana. Nilizunguka karibu saa nzima. Mwezi ujao narudi tena. Je, ramani ya simu inaweza kuniongoza bila bando, au nisijisumbue?"*

Marahaba mwalimu, na pole sana kwa saa ile. Inaweza, tena vizuri. Kile kidoti cha bluu ulichokiona katikati ya kijivu ndicho kilikuwa kazi ngumu kuliko zote, na simu yako ilikuwa imeshaimaliza bila senti ya bando. Ilijua umesimama wapi. Haikuwa na picha ya mitaa ya kukuwekea chini ya kidoti, wala haikujua nyumba ya binamu iko upande gani.

Ramani ya simu inahitaji vitu vitatu tofauti: kujua ulipo, kuwa na picha ya mji, na kujua unakokwenda. Cha kwanza kinatoka angani na hakihusiani na bando. Cha pili na cha tatu kwa kawaida vinakuja kwa mtandao, lakini vyote viwili unaweza kuviweka ndani ya simu kabla ya safari. Watu wengi wanaojiandaa huweka cha pili wakasahau cha tatu, na hapo ndipo wanapokwama hata wakiwa na ramani nzima mkononi.

Nianze na hilo la GPS kula bando, kwa sababu ndilo lililokufanya uzime kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi. Fikiria mzee aliyekaa barazani na redio yake ya betri anasikiliza taarifa ya habari. Kituo cha redio hakijui kwamba anasikiliza, hakimtozi kitu, na redio yake hairudishi chochote kule inakotoka sauti. GPS kwenye simu ni hivyo hivyo. Setilaiti zinazunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja inatangaza muda wote: mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu inasikiliza. Ikizisikia angalau nne, inapima tangazo la kila moja limechukua muda gani kufika, inapiga hesabu, inapata mahali ulipo. Kwenye uwanja wazi kosa lake mara nyingi ni mita tano hivi. Hakuna kilichotumwa, kwa hiyo hakuna kilicholiwa.

Uvumi huo una chanzo chake, hata hivyo. Kinachokula bando ni programu ya ramani inapovuta picha za mitaa kila unaposogea, na programu nyingine zinazotaka kujua ulipo kisha zikapeleka habari hizo kwenye mtandao. Mtu anaona lokesheni imewashwa na bando linapungua, anaunganisha mawili hayo. Ukitaka kulinda bando au salio, zima data. Lokesheni iache imewashwa.

Sasa kuna jambo moja linalowakatisha watu tamaa bila sababu. Bila data, kidoti kinaweza kuchelewa kutokea, au kikatokea mahali pa zamani. Unafika Dodoma, simu inasema bado uko Singida. Watu husema, "Si unaona? Bila bando haifanyi kazi." Ukweli ni kwamba simu inahitaji kujua njia ambayo kila setilaiti inapita kabla ya kuitumia kupiga hesabu. Ikiwa na data, inazipata habari hizo mtandaoni ndani ya sekunde chache. Ikiwa haina, lazima izisikilize kutoka kwa setilaiti zenyewe, na setilaiti zinasema polepole mno, herufi chache tu kwa sekunde. Tangazo lenye habari hizo linarudiwa kila sekunde 30. Ukipita chini ya mwembe au ukaingia kibandani katikati ya tangazo, sehemu inapotea, na simu inangoja lirudiwe.

Kwa hiyo bila bando mtu anayehangaika na kutembeatembea anajichelewesha mwenyewe. Toka chini ya paa la stendi, hasa paa la bati. Sogea mbali na ukuta wa ghorofa. Simama mahali unapoona anga pana, shika simu kioo kikiangalia juu, na utulie. Mara nyingi ni dakika moja au mbili. Simu ya bei ndogo inaweza kuchukua tano. Kuzunguka kidoti utaona duara la bluu hafifu: hilo ndilo kosa ambalo simu yenyewe inakiri. Likiwa limefunika mtaa mzima, usianze kutembea. Subiri lisinyae hadi likaribie kidoti.

Kidoti kikishatulia, usizime lokesheni tena mpaka ufike. Habari za njia za setilaiti zilizo ndani ya simu zinabaki na faida kwa saa chache, kwa hiyo mara ya pili kidoti kinarudi upesi. Ndiyo maana pia ni vizuri kufungua ramani kwa muda mfupi ukiwa bado na bando, kwa mfano basi linapokaribia kuingia mjini, hata kama huna shida nayo bado.

Tuje kwenye picha ya mji. Kwenye Google Maps, ukiwa na waifai au bando la kutosha, gusa picha yako ya pembeni juu, chagua `Offline maps`, halafu `Select your own map`. Utaletewa fremu ya mstatili. Wengi huiacha ilivyo, ikashika katikati ya mji tu. Kwa Dodoma ivute iwe kubwa. Mji huu umetanuka kufuata barabara kuu: upande wa mashariki, kwenye Barabara ya Dar es Salaam, ni vizuri fremu ifike Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na ichukue Chuo Kikuu cha Dodoma na Iyumbu, kaskazini ichukue Miyuji na Msalato, magharibi isiache Nkuhungu. Usaili unaweza kuitiwa sehemu yoyote kati ya hizo. Kabla hujagusa `Download`, skrini inakuonyesha ukubwa wa faili, kwa hiyo unajua mapema kama bando lako linatosha.

Ramani hiyo ya Google ina mambo mawili ya kuyajua. Kwanza, ina tarehe ya kuisha. Usipoisasisha kabla ya tarehe hiyo, inafutwa kwenye simu. Fungua orodha yako siku mbili kabla ya safari uangalie. Pili, na hili ndilo linalokuhusu wewe uliyekuwa unatembea kwa miguu: bila mtandao Google inatoa maelekezo ya gari tu. Maelekezo ya mwenda kwa miguu hayapatikani. Utaona mitaa, utaona kidoti, lakini ukiomba njia atakupitisha kwenye barabara za magari, na dakika atakazokuambia ni za mtu aliye kwenye gari.

Ndiyo sababu mtembea kwa miguu namshauri aongeze programu ya pili, Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, haitaki ujisajili, na imetengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutumika bila mtandao. Inatumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo inachorwa na watu wa kujitolea duniani kote, na kwa Tanzania watu hao wamefanya kazi kubwa ya kuchora vijia na nyumba. Unapakua eneo unalokwenda mara moja, na baada ya hapo inatafuta mahali na kupanga njia ya miguu simu ikiwa haina data kabisa. Kasoro yake ni majina ya biashara: duka, nyumba ya wageni au ofisi mpya unaweza kuikosa, wakati kwa Google ipo. Mimi mwenyewe natembea na zote mbili. Google naitumia kutafuta nikiwa na bando, Organic Maps naitumia kutembea.

Jaribu kabla hujasafiri, ukiwa hapo hapo Bukoba. Pakua ramani, zima data na waifai, funga programu kabisa, toka nje ya nyumba uifungue upya. Sogeza ramani mpaka Dodoma, ikuze hadi uone vichochoro vya Ilazo. Vikionekana na majina yake, ramani imo. Ukiona rangi ya kijivu au mistari michache ya barabara kuu tu, haijashuka yote, hata kama imeandikwa kwamba imekamilika. Ni bora uligundue hilo nyumbani kuliko njia panda saa kumi na mbili jioni.

Sasa kitu cha tatu, kile kinachosahauliwa: nyumba ya binamu. Linki aliyokutumia ilikataa kwa sababu linki fupi ya ramani, ile inayoanza na `maps.app.goo.gl`, haina mahali ndani yake. Ni kama namba ya kuponi ya mzigo. Mzigo wenyewe uko kwenye kompyuta za Google, na simu lazima iende mtandaoni kuukomboa. Bila bando, kilichobaki mkononi mwako ni karatasi ya kuponi.

Unachotaka ni namba zenyewe za mahali, zile mbili zinazoitwa latitudo na longitudo. Mwambie binamu asimame mlangoni kwake, afungue Google Maps, abonyeze kwa kidole na kushikilia juu ya nyumba yake mpaka pini nyekundu idondoke. Namba mbili zitajitokeza, kwenye simu za Android zinakaa pale juu kwenye kisanduku cha kutafutia. Azikopi akutumie kwa meseji ya kawaida, si lazima WhatsApp. Meseji ya kawaida inafika hata kama huna bando, na inabaki kwenye simu yako. Ukizipata, zibandike kwenye sehemu ya kutafutia ya Organic Maps, pini itatokea. Ihifadhi kwa jina, "Kwa binamu". Fanya hivyo hivyo kwa mahali pa usaili na kwa stendi.

Uwe mwangalifu na alama ya kutoa. Namba za Dodoma mjini huwa na sura hii: `-6.1` na kuendelea, kisha mkato, kisha `35.7` na kuendelea. Ile alama ya kutoa mbele ya 6 inasema tuko kusini ya ikweta. Ikidondoka wakati wa kukopi, nyumba ya binamu inahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Niliwahi kupokea kutoka ofisi moja orodha ya visima vya Wilaya ya Chamwino iliyochapwa bila alama hiyo, na siku nzima ikaishia kwenye kusahihisha kabla gari halijaondoka. Pini ikikupeleka mbali hivyo, usifikiri ramani imeharibika. Rudi uangalie alama.

Namba hizi zina faida nyingine ambayo ingekuokoa jioni ile hata na skrini yako ya kijivu. Hebu tuchukue mfano. Tuseme binamu alikutumia hizi kwa meseji:

```
-6.1552, 35.7812
```

Nawe, pale njia panda, unabonyeza na kushikilia juu ya kidoti chako cha bluu, au kwenye Organic Maps unagusa alama ya mahali ulipo, unapata hizi:

```
-6.1584, 35.7790
```

Huna picha ya mtaa hata mmoja, lakini una kila unachohitaji. Kwa Dodoma, tofauti ya 0.001 kwenye namba yoyote kati ya hizi mbili ni mita 110 hivi. Hii ni kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ukienda nchi za mbali kaskazini, namba ya pili inapungua thamani, lakini hapa kwetu zote mbili ni karibu sawa. Namba ya kwanza: kutoka 6.1584 hadi 6.1552 ni tofauti ya 0.0032, yaani mita 350 hivi. Namba ya pili: kutoka 35.7790 hadi 35.7812 ni 0.0022, yaani mita 240 hivi.

Kwa upande gani? Namba ya pili ikiongezeka, unakwenda mashariki. Hiyo haina shida. Namba ya kwanza ndiyo inayowachanganya watu huku kwetu kusini: tarakimu zikipungua, unaikaribia ikweta, kwa hiyo unakwenda kaskazini. Basi nyumba ya binamu iko mita 350 kaskazini na mita 240 mashariki yako. Ilikuwa jioni, jua linazama magharibi. Ungeanza kwenda kaskazini, jua likiwa mkono wako wa kushoto, ukitembea kwenye mtaa wowote unaoelekea huko, na kila baada ya dakika mbili tatu unasoma namba upya. Namba ya kwanza ikifika 6.1552, unageuka kulia, jua linakuwa mgongoni, unakwenda mpaka namba ya pili isome 35.7812. Hapo kosa la simu ni mita chache, na ukipiga simu binamu akatoka nje, mnaonana. Kwa mwendo wa kawaida safari hiyo haifiki robo saa.

Ukiwa na iPhone, programu ya dira nayo inaonyesha namba hizi bila mtandao, ila inaziandika kwa nyuzi, dakika na sekunde: 6°9′30″ kwa mfano, ambayo ni sawa na 6.1583. Usichanganye sura mbili hizo. Ukizisoma kana kwamba ni 6.0930 utakuwa umekosea kwa zaidi ya kilomita saba.

Suala la upande linanileta kwenye ile miale ya bluu inayotoka kwenye kidoti kuonyesha unaangalia wapi. Hiyo haitoki kwa setilaiti, inatoka kwenye kipima-sumaku kidogo ndani ya simu, na kipimo hicho kinadanganywa na vyuma: nguzo, gari, geti, hata kava la simu lenye sumaku. Nimeona watu wakigeuka wakaenda kinyume kabisa kwa kuiamini. Chora namba nane hewani na simu mara kadhaa ili ijirekebishe, au fanya kile ninachokiamini zaidi: tembea mita 30 kwa mstari ulionyooka uone kidoti kinasogea kwenda wapi. Kidoti kinachosogea hakidanganywi na nguzo. Kikisogea kuikimbia pini, geuka.

Nisikufiche mipaka ya ramani iliyohifadhiwa. Ni picha ya siku ilipotengenezwa, na Dodoma inajengwa kwa kasi. Maeneo ya viwanja vipya, greda linapita wiki hii, ukuta unapanda mwezi ujao, na kijia kilichoonekana kwenye ramani kinaishia kwenye geti la mtu. Ukikuta hivyo usilazimishe, zunguka tu. Pini yako haijahama.

Kubwa kuliko hilo ni makorongo. Mji huu una mikondo mingi ya maji ambayo karibu mwaka mzima ni mchanga mkavu, watu wanapita kwa miguu, na ramani inaihesabu njia hiyo kuwa ni njia. Kuanzia Desemba hadi karibu Aprili mambo ni tofauti. Mvua inaweza kunyesha upande wa vilimani wakati ulipo wewe ni pakavu, na korongo likashuka na maji mazito kwa muda mfupi. Ramani bila mtandao haijui hilo, na ukweli ni kwamba hata yenye mtandao mara nyingi haijui. Ukifika korongoni ukakuta maji yanakwenda, au wenyeji wamesimama ukingoni wanangoja, ngoja nao, au rudi ukatafute daraja kwenye barabara ya lami. Usiingie kwa sababu mstari wa bluu umepita katikati yake.

Kuhusu betri nitasema kidogo tu. Kinachomaliza betri zaidi ni kioo, si GPS, hasa kwenye jua la mchana ambapo unakiwasha mwanga wote. Angalia njia, zima kioo, tembea, angalia tena kwenye kona. Ukiwasha hali ya kuokoa betri, baadhi ya simu hukata lokesheni kioo kinapozimwa, hivyo ukiwasha tena upe kidoti nusu dakika kitulie. Na kumbuka kwamba kununua bando hakuhitaji bando: menyu za nyota na reli, kama `*150*00#` kwa wenye M-Pesa, zinafunguka hata data ikiwa imekwisha. Ukiwa na elfu moja kwenye akaunti ya simu, mtandao unarudi ukiwa umesimama hapo hapo.

Kuna wakati simu iwekwe mfukoni. Usiku, kwenye mtaa usioujua, mtu anayetembea ameinamia kioo kinachowaka anaonekana kutoka mbali na yeye haoni mbele. Katika hali hiyo tumia ramani kwa kazi moja tu, kutafuta barabara ya lami iliyo karibu, nenda ukasimame penye duka lililo wazi, umpigie binamu akufuate. Ukihisi uko hatarini, piga 112.

Mchana, watu ndio ramani iliyosasishwa kuliko zote. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, mitaa mingi ina nguzo zenye jina la barabara, na nyumba zina vibao vya namba. Mwombe binamu akusomee kibao chake: jina la barabara na namba ya nyumba. Ukifika kijiweni kwa bodaboda ukasema jina la barabara na namba, si "karibu na duka la mangi", anakufikisha. Ikishindikana, ulizia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mjumbe anawafahamu wakazi wake.

Na kama umesimama uwanjani, anga wazi, lokesheni imewashwa, dakika kumi na tano zimepita na kidoti hakijaja, jaribu kuzima simu na kuiwasha. Ikigoma tena siku nyingine mahali pengine, antena yake ya GPS ina tatizo, na hilo hakuna mpangilio wa kwenye skrini utakaolitibu. Mpelekee fundi simu aifungue aiangalie. Hutokea sana kwa simu iliyodondoka au iliyobadilishwa kioo au kava la nyuma, kwa hiyo kama yako imepitia hayo, ijaribu wiki hii, usingoje mwezi ujao.

Meseji ya kumtumia binamu leo iwe fupi hivi: "Simama mlangoni, bonyeza na kushikilia nyumba yako kwenye ramani, nitumie zile namba mbili pamoja na alama ya kutoa, kisha nisomee kibao cha namba ya nyumba." Zikifika, ziweke kwenye simu uone kama pini inaangukia Ilazo, upande wa kaskazini wa Barabara ya Dar es Salaam.